Ikisiri ya skani, visima vya Kisauni na ile "mara sita"

*Swali: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha akina mama huku Kisauni tumepewa karatasi moja ya skani, ni ikisiri ya utafiti wa maji ya visima. Kizungu chake kigumu na maandishi mengine yamefifia. Wenzangu wanataka niiandike kwa Kiswahili ambacho hata mtu asiyesoma sayansi ataelewa, tuibandike ukutani pale kisimani. Nilitoa maandishi kwenye picha kwa simu, nikaandika hivi: "Choo kikiwa karibu na kisima, hatari ni mara sita." Niko sawa? Na kama siko sawa, nirekebishe vipi?*

Marahaba mwanangu. Sentensi yako ina maneno tisa tu, na mambo mawili humo yatawapotosha watu pale kisimani: "hatari" na "mara sita". Yote mawili umeyatoa kwenye karatasi kwa nia njema, na karibu kila mtu anayefanya kazi hii mara ya kwanza huangukia hapo hapo. Nitaeleza kwa utaratibu, maana kabla ya kuyafikia hayo kuna jambo la skani yenyewe.

Ikisiri uliyonitumia sina ruhusa ya wenyewe kuiweka hapa, kwa hiyo nimetunga ya mfano yenye umbo kama la yako. Takwimu zake ni zangu, za kujifunzia tu. Usije ukazibandika ukutani. Inasema hivi, nikiitoa kwenye lugha ya wataalamu neno kwa neno: sampuli zilichukuliwa kwenye visima 60 vya kuchimbwa kwa mkono, Aprili hadi Mei. Bakteria wa *E. coli* walipatikana katika visima 30 (50%), kwa wastani wa 1.8 × 10³ kwa mililita 100. Uwepo wa choo cha shimo ndani ya mita 15 ulihusiana na uchafuzi (18/24 dhidi ya 12/36, OR 6.0, 95% CI 1.9–19.0). Kina cha kisima hakikuwa na uhusiano wenye maana kitakwimu (p = 0.21).

Basi. Mistari michache, lakini kila namba humo ina mahali pake pa kuharibikia.

Tuanze na skani. Simu inaposoma maandishi kutoka kwenye picha, maneno ya kawaida huyapata vizuri kwa sababu neno lina herufi nyingi za kulishikilia. Namba haina cha kuishikilia. Nukta ikififia, programu haijui kwamba kulikuwa na nukta. Tarakimu ndogo ya juu, kama ile 3 iliyo kwenye 10³, hushushwa ikawa sawa na wenzake, na 10³ ikasomeka 103. Ona inavyofanya kazi: 1.8 × 10³ ni bakteria 1,800. Lakini 1.8 × 103 ni kama 185. Umepunguza uchafu mara kumi hivi bila kukusudia, na hakuna anayeweza kuona kosa hilo kwa kusoma sentensi, kwa sababu sentensi bado inaleta maana. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana maabara niliwahi kupeleka bango lenye kosa la aina hiyo hiyo, na likakaa ukutani wiki nzima kabla ya mwenzangu mmoja kuuliza mbona namba haifanani na daftari. Tangu siku hiyo naandika namba zote kwa mkono, nikitazama picha na si maandishi yaliyotolewa kwenye picha. Ikisiri moja huwa na namba kumi au kumi na tano. Ni kazi ya dakika chache.

Pale ambapo karatasi yenyewe imefifia hata jicho halisomi, ikisiri hukusaidia kujikagua, kwa sababu namba zake zinajuana. Visima vya karibu na choo ni 24, vya mbali ni 36. Jumla lazima iwe 60, na ni 60. Vichafu ni 18 na 12. Jumla 30, na 30 ni nusu ya 60, yaani 50% kama ilivyoandikwa. Kama simu ingesoma 86 badala ya 36, hesabu ingekataa papo hapo.

Kuna ukaguzi mwingine ambao wengi hawaujui, nao ni wa yale mabano yenye CI. Hiyo 1.9–19.0 ni masafa ambamo watafiti wanakadiria kwamba thamani ya kweli imo, na kwa kipimo hiki cha OR, ambacho hulinganisha makundi mawili na nitakieleza mbele, kwa njia inayotumika sana ya kuyakokotoa, masafa hayo hujengwa kwa namna kwamba ukizidisha ncha zake mbili unapata karibu sawa na OR ukiizidisha kwa yenyewe. Jaribu: 1.9 × 19.0 ni 36.1. Na 6.0 × 6.0 ni 36. Zinakubaliana. Sasa tuseme nukta imepotea kwenye skani na ukasoma 1.9–190. Ukizidisha unapata 361, mbali kabisa na 36, na hapo unajua pa kutazama. Tofauti ndogo ni ya kawaida kwa sababu watafiti hufupisha desimali, lakini tofauti ya mara kumi ni nukta iliyopotea.

Kosa la skani ninaloliogopa kuliko yote, hata hivyo, si la namba. Ni la kukanusha. Katika lugha za Kizungu neno la kukanusha mara nyingi ni kipande kifupi kinachotangulia neno, na mstari ukiisha, kipande hicho hubaki mwisho wa mstari na kistari chake, neno lenyewe likaenda mstari wa pili. Programu ikikitupa, "hakikuwa na uhusiano" inakuwa "kilikuwa na uhusiano". Kinachokuokoa ni ile p, namba inayopima kama tofauti iliyoonekana ingeweza kujitokeza kwa bahati tu. Desturi ya fani nyingi ni kwamba p ikiwa chini ya 0.05 watafiti hudai wameona tofauti, ikiwa juu hawadai. Hapa p ni 0.21, kwa hiyo sentensi ya kina cha kisima lazima iwe ya kukanusha. Ukiona sentensi inadai uhusiano na p yake ni 0.21, rudi kwenye picha.

Namba zikishatengemaa, ndipo tuje kwenye "mara sita" yako.

Ile OR hailinganishi kile unachodhani inalinganisha. Twende polepole. Kwenye visima 24 vilivyo karibu na choo, vichafu ni 18 na visafi ni 6. OR huanza kwa kugawa vichafu kwa visafi: 18 ÷ 6, unapata 3. Kwenye visima 36 vya mbali, vichafu ni 12 na visafi 24: 12 ÷ 24 ni 0.5. Kisha inagawa 3 kwa 0.5, na hapo ndipo inapozaliwa 6. Hesabu ni sahihi, na watafiti wana sababu zao nzuri za kuipenda. Lakini mama aliyeshika ndoo hawazi vichafu kugawanya kwa visafi. Anawaza: katika visima vyote kama hiki changu, vingapi ni vichafu? Jibu la swali hilo ni 18 kati ya 24, yaani 3 katika kila 4, kwa vya karibu. Na 12 kati ya 36, yaani 1 katika kila 3, kwa vya mbali. Asilimia 75 dhidi ya 33. Ukigawa, ni mara mbili na robo. Si mara sita.

Utauliza, mbona basi magazeti huandika OR kama "mara kadhaa" kila siku? Kwa sababu jambo likiwa nadra, vipimo viwili hivi karibu vinalingana. Kama visima vichafu vingekuwa 6 katika 100 upande mmoja na 1 katika 100 upande mwingine, OR ingekuwa kama 6.3, na ulinganisho wa kawaida ungekuwa 6. Hapo kosa ni dogo. Lakini uchafu wa visima kwenye mfano wetu si nadra hata kidogo, nusu ya visima vyote vinao, na jambo likiwa la kawaida OR huvimba. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: OR haiendi ukutani. Kinachokwenda ukutani ni hesabu ya visima: vingapi kati ya vingapi.

Na faida ya kuhesabu visima ni kubwa kuliko kusahihisha hesabu tu. Ukiandika "mara sita", mtu ambaye kisima chake kiko mbali na choo anasikia kwamba yuko salama. Ukiandika "1 katika kila 3", anasikia kwamba hata visima vya mbali vimo. Tazama tena: kati ya visima 30 vichafu, 12 viko mbali na choo. Hiyo ndiyo habari ambayo mara sita iliifunika, na kwa watu wa Kisauni huenda ndiyo habari nzito zaidi ya karatasi nzima. Huku kwetu pwani sehemu kubwa ya ardhi ni mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una nyufa na mapango. Maji machafu yanaweza kupita humo haraka na kwa umbali, bila kuchujwa kama yanavyochujwa yakipita taratibu kwenye mchanga. Maelezo haya ya mwamba ni yangu mimi. Hayamo kwenye ikisiri ya mfano, na kama hayamo kwenye yako usiyaweke mdomoni mwa watafiti.

Vipi kama ikisiri imetaja OR peke yake bila hesabu ya visima? Ikitaja walau kiwango cha kundi moja, unaweza kupata la pili. Chukua kundi la mbali: kichafu 1 katika 3 maana yake kichafu 1 kwa visafi 2, ambayo ni 0.5. Zidisha kwa OR ya 6, unapata 3, yaani vichafu 3 kwa kila kisafi 1. Vitatu na kimoja ni vinne, kwa hiyo ni 3 katika kila 4. Umerudi pale pale. Angalia tu kama OR hiyo imeandikwa kwamba ilirekebishwa kwa mambo mengine. Ikiwa imerekebishwa, jibu lako ni la kukadiria na uliandikie "karibu". Na kama hakuna kiwango chochote, usitaje namba. Andika kwamba visima vya karibu na choo vilikutwa vichafu mara nyingi zaidi kuliko vya mbali, ukome hapo.

Sasa neno "hatari". Soma tena ikisiri: walipima nini? Maji. Hawakuhesabu watu walioharisha, hawakuingia zahanati, hawakupima mtoto yeyote. Kwa Kiswahili chetu ukimwambia mtu "hatari" akiwa kisimani, anasikia kuugua, na pengine kufa. Utakuwa umewabebesha watafiti matokeo ambayo hawakuyatafuta. Aina nyingi za *E. coli* zenyewe hazimdhuru mtu. Zinaishi matumboni mwetu na mwa wanyama wenye damu moto. Maabara huitafuta kwa sababu ni shahidi: ikiwemo majini, kinyesi kimefika, na pamoja na kinyesi vinaweza kuja vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka maji ya kunywa yasiwe na *E. coli* hata moja katika mililita 100. Kwa hiyo neno la kutumia ni "uchafu wa kinyesi", au "dalili ya kinyesi". Nimeona watu wakiandika "sumu". Hapana. Sumu haitoki kwa kuchemsha, na mtu akisoma sumu ataacha kuchemsha, kwa sababu ataona haina faida.

Kitenzi nacho kina uzito. Ikisiri inasema choo "kilihusiana" na uchafuzi. Kiswahili kina kishawishi kikubwa hapa, kwa sababu "kutokana na" linateleza lenyewe kalamuni, na ukiliandika umeshasema kwamba choo ndicho kilichochafua. Watafiti hawakulisema hilo. Pale choo kilipo karibu, mara nyingi ndipo nyumba zilipobanana, ndipo kuku na mbuzi wanapozunguka, na ndoo moja inapotumiwa na watu wengi. Lolote kati ya hayo linaweza kuingiza kinyesi kisimani. Andika ulichokiona tu: visima vyenye choo karibu, vichafu ni vingi zaidi.

Kuhusu kina, usiandike kwamba kuchimba zaidi hakusaidii. Mtu anaweza kufanya uamuzi wa fedha nyingi kwa sentensi hiyo. p ya 0.21 ina maana kwamba, hata kama kina hakina uhusiano wowote na uchafu, tofauti kama waliyoiona au kubwa zaidi ingejitokeza kwa bahati tu kama mara 21 katika tafiti 100 za namna hiyo. Hilo halithibitishi kwamba kina hakina uhusiano. Linasema visima hivi 60 havikutosha kuonyesha. Na lile neno la "maana kitakwimu" usilitafsiri "muhimu". Ni neno la fundi, linahusu bahati na hesabu, halihusu uzito wa jambo maishani.

Nikiiweka yote pamoja, karatasi ya ukutani ya mfano wetu ingekuwa hivi:

> Watafiti walikuta nini kwenye maji ya visima
>
> Watafiti walipima maji ya visima 60 vilivyochimbwa kwa mkono, mwezi wa Aprili na Mei, wakati wa masika.
>
> Walitafuta bakteria wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama. Wakikutwa majini, ni dalili kwamba kinyesi kimefika humo. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa nao hata mmoja katika mililita 100, ambazo ni chini ya nusu gilasi.
>
> Visima 30 kati ya 60 vilikutwa nao. Kwa wastani walikuwa 1,800 katika mililita 100.
>
> Pale ambapo choo cha shimo kiko ndani ya mita 15, visima vyenye uchafu vilikuwa 3 katika kila 4. Pale ambapo choo kiko mbali zaidi, vilikuwa 1 katika kila 3. Kwa hiyo hata kisima kilicho mbali na choo kinaweza kuwa na uchafu.
>
> Utafiti huu haukuonyesha uchafu uliingia kwa njia gani. Haukuangalia kama watu waliugua. Haukupima maji wakati wa kiangazi. Na visima vilikuwa vichache mno kujua kama kisima kirefu ni kisafi kuliko kifupi.

Ona kwamba masafa ya CI hayamo, na sijayaficha. Kutoka 1.9 hadi 19.0 ni upana mkubwa. Unatuambia kwamba tofauti ipo, lakini ukubwa wake haujulikani vizuri. Ndiyo sababu nimetaja visima vyenyewe, ili msomaji aone kwamba vilikuwa 60 na si elfu. "Aprili na Mei" nimeiongezea "masika" kwa sababu kila mtu pwani anajua masika hufanya nini kwa vyoo vya shimo. Jina la bakteria nimeliacha. Kwa asiyelijua halimwongezei kitu, na anayetaka atalikuta kwenye ikisiri, ambayo utaitaja chini ya karatasi pamoja na majina ya watafiti na mwaka.

Mtataka pia kuwaambia watu wafanye nini, na mna haki. Lakini pigeni mstari kwanza, kisha chini ya mstari muandike kwamba ushauri huo ni wa kikundi, si wa watafiti: maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, yahifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko. Vyanzo viwili visichanganywe kwenye aya moja, maana kesho mtu akiwapinga kuhusu ushauri, ataitupa na taarifa ya visima pia.

Ukimaliza kuandika, usinitumie mimi kwanza. Mtafute mama mmoja anayechota hapo kila asubuhi, ambaye hakuwa kwenye mkutano wenu. Msomee mara moja, kwa mwendo wa kawaida, kisha umuulize: "Kisima chako kiko mita 40 kutoka chooni. Maji yako yakoje?" Akikujibu "ni salama", sentensi ya 1 katika kila 3 haijamfikia, na inabidi uisogeze juu au uivunje iwe fupi zaidi. Akikujibu "ni machafu", nayo umeikaza kupita kiasi. Jibu unalolitafuta ni "sijui mpaka yapimwe". Umuulize na la pili: "Watu wangapi waliugua?" Hapo anatakiwa akuambie kwamba hilo hawakuliangalia. Kisha chukua karatasi yako na kalamu, urekebishe papo hapo mbele yake, umsomee tena.